Tupeane uzoefu: maharage ya biashara yanayoungua chini

Mpwa wa Igoma: Wakuu, wiki ijayo nafungua mgahawa mdogo hapa Igoma, Mwanza. Mjomba wangu amepikia shule ya bweni miaka mingi, kaniandikia barua hii. Someni, nanyi mseme yenu.

"Mpwa wangu,

Mama yako kaniambia umeshaunguza sufuria mbili. Maharage hayaungui yakiwa magumu. Yanaungua yakianza kupasuka: uji wake unazama na kuganda pale moto ulipo mkali.

Kilo 10 loweka usiku, asubuhi mwaga maji yale. Tafuta sufuria nene, usiijaze kupita theluthi mbili. Maji mapya yapite maharage vidole vinne. Mwanzo moto mkali, yatokote sawasawa. Ukibonyeza punje ikaanza kukubali, vuta makaa ya katikati yaende pembeni, yanayobaki yafunike kwa majivu. Maji ya kuongeza yawe ya moto. Tangu hapo mwiko uburuze chini kabisa, si kukoroga juu juu. Ukisikia unakwaruza kama umepita mchangani, yameshashika: epua, usikwangue, ya juu hamishia sufuria nyingine. Mimi siku moja nilikwangua, bweni zima likala moshi.

Tena usiunge yote. Rojo ya kitunguu na nyanya ni nzito, ukiipasha mara ya pili inashika upesi. Unga kidogo kidogo, wateja wanavyokuja.

Mjomba wako."

Kijana wa Buhongwa: Mbona maneno mengi? Tia magadi, hayaungui.

Mama wa Mwaloni: Mwanangu, magadi yanalainisha, hayazuii kuungua. Tena yakilainika haraka yanapasuka haraka, wewe uko nje unaongea na wateja, ukirudi chini ni lami. Yakizidi ladha inakuwa ya sabuni. Huyo mjomba kapika kweli. Mimi nyanya siziweki kabla maharage hayajaiva, maana yanakaidi, unakaa na moto saa nyingi bure.

Baba Wawili: Yangu nilichemsha kutwa, punje bado zinagonga meno. Niongeze makaa?

Mama wa Mwaloni: Hayo si ya kuungua, baba. Ni ya zamani, yamekaa stoo. Kabla hujanunua gunia, omba kibaba ukayapike kwanza.

Dada wa Nyegezi: Mimi napikia gesi, makaa ya kuvuta sina. Hata nikipunguza moto, duara la katikati linaungua. Juzi nimemwaga sufuria nzima.

Kijana wa Buhongwa: Weka kipande cha bati nene kati ya jiko na sufuria, moto usambae.

Mama wa Mwaloni: Hapo kijana yuko sawa, ila mtungi utaisha mapema. Mimi gesi naungia tu, kuchemsha ni mkaa.

Dada wa Nyegezi: Na mkaa ulivyopanda bei? Nitajaribu bati kesho, kilo 3 tu.