Tupeane uzoefu: unapofupisha utafiti, "huenda" na "inaelekea" za mtafiti unazibakizaje?

Mhariri wa Afya (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za leo. Kazi yangu ni kufupisha matokeo ya tafiti za afya kwa Kiswahili. Nyingine zinachapwa jaridani, nyingine zinasomwa redioni, na nafasi haizidi aya moja. Ikibana, maneno ya kwanza kukatwa ni yale madogo: huenda, inaelekea, yanaashiria, inaonekana. Sentensi bila hayo inasomeka vizuri, na hapo ndipo inapoanza kusema jambo ambalo mtafiti hakulisema.

Mfano ninaoutumia kufundishia vijana ofisini ni tangazo la IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, la tarehe 26 Oktoba 2015. Wataalamu 22 kutoka nchi 10 walitoa kauli mbili. Ya kwanza ilihusu nyama ya kusindikwa kama soseji na bekoni: inasababisha saratani, Kundi la 1, bila tahadhari yoyote. Ya pili ilihusu nyama nyekundu, yaani ng'ombe, mbuzi, kondoo na wenzao: inaelekea kusababisha, Kundi la 2A, na wakaongeza kwamba ushahidi kwa binadamu ni finyu. Hilo "finyu" lina maana yake. Uhusiano ulionekana, ila hawakuweza kuondoa uwezekano kwamba ni bahati tu, au kwamba walaji wa nyama nyingi wana mambo mengine yanayowaponza.

Sasa angalia jinsi habari ilivyosambaa: "Nyama husababisha saratani." Kauli mbili zimekuwa moja, na ile yenye nguvu imeimeza dhaifu. Mimi huiandika hivi:

"Nyama ya kusindikwa husababisha saratani ya utumbo mpana, nyama nyekundu inaelekea kusababisha, lakini ushahidi kwa binadamu bado ni finyu."

Ni maneno 19, na redioni yanatosha. Wenzangu, ninyi mnafanyaje? Leteni mliyokutana nayo kazini.

Mtangazaji wa Asubuhi

Mkuu, mimi nina njia rahisi. Naanza na "huenda" mwanzoni kabisa: "Utafiti mpya unasema huenda…", kisha namwaga yote yanayofuata. Msikilizaji ameshaonywa, nami nimejikinga. Miaka yote sijapata malalamiko.

Mchambuzi wa Tafiti

Hapo umepatia nusu, ndugu yangu. Ni kweli tahadhari ikae mapema, maana msikilizaji wa redio harudi nyuma kusikiliza tena. Lakini jaribu njia yako kwenye mfano wa mwanzisha uzi. "Huenda nyama ya kusindikwa na nyama nyekundu zinasababisha saratani." Kwenye soseji wataalamu hawakusema huenda, wewe ndiye umeiongeza. Kumdhoofishia mtafiti kauli yake nako ni kumsemea. Kila dai linabeba tahadhari yake lenyewe, na lisilo nayo lisipewe.

Mimi nafanya kazi na tafiti za mapitio, zile zinazokusanya majaribio mengi na kuyapima pamoja. Huko maneno haya hayawekwi kwa mapambo. Waandishi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa mapitio ya tafiti za afya, wanaotumia GRADE, mfumo wa kupima uhakika wa ushahidi, wana ngazi. Uhakika ukiwa mkubwa wanaandika "inapunguza" kavukavu. Ukiwa wa wastani, "inaelekea kupunguza". Ukiwa mdogo, "huenda inapunguza". Ukiwa mdogo sana, wanakwambia waziwazi kuwa ushahidi hauna uhakika. Kwa hiyo ukibadilisha "inaelekea" kuwa "huenda" kwa sababu tu ni fupi, umelishusha dai ngazi moja. Mezani kwangu nina karatasi: neno hili la mwandishi, neno hili la Kiswahili, na sichanganyi hata nikiona linajirudia mara tatu kwenye aya moja. Kujirudia si kosa hapa.

Mnakumbuka barakoa? Januari 2023 mapitio ya Cochrane yalisema kuvaa barakoa katika jamii kunaelekea kuleta tofauti ndogo au kutoleta tofauti yoyote kwenye magonjwa ya aina ya mafua na korona. Watu wakafupisha: "Barakoa hazifanyi kazi." Machi mwaka huohuo mhariri mkuu wao, Karla Soares-Weiser, alilazimika kutoa tamko kwamba tafsiri hiyo si sahihi na inapotosha, kwa kuwa matokeo hayakutoa jibu la uhakika, na majaribio yalipima mbinu za kuhamasisha uvaaji. Akakiri pia kwamba muhtasari wao wenyewe uliandikwa kwa namna iliyoacha mwanya. "Hatujapata uthibitisho" na "tumethibitisha hakuna" ni vitu viwili, na mkasi ukipita vibaya vinakuwa kimoja.

Mwenye Bucha

Nami nichangie. Ile habari ya nyama naikumbuka vizuri. Nina bucha, na kuna wateja wa kila Jumamosi waliopunguza kilo kwa sababu ya sentensi moja waliyoisikia redioni. Mteja mmoja alikataa kumnunulia mtoto wake ini, anasema lina saratani! Leo nasoma hapa kwamba nyama nyekundu walisema "inaelekea" tu. Kwa hiyo haina shida, siyo? Niwaambie wateja wangu?

Mchambuzi wa Tafiti

Hapana kaka, pole kwa biashara lakini usiende mbali hivyo. "Inaelekea" imeinamia upande wa ndiyo. Waliona dalili za kutosha kuiweka karibu kabisa na kundi la juu, wakabakiza shaka. Ukimwambia mteja "haina shida" umeikata tahadhari kwa upande wa pili, kama yule wa redio alivyoikata kwa upande wake.

Na jambo jingine linalokuhusu: makundi yale yanapima jinsi walivyo na hakika, hayapimi ukubwa wa hatari. Tumbaku nayo iko Kundi la 1, ndiyo maana wengine wakaandika soseji ni sawa na sigara, jambo ambalo IARC hawakulisema. Walichokadiria ni kwamba kila gramu 50 za nyama ya kusindikwa zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18, ukilinganisha na hatari aliyokuwa nayo mtu tangu mwanzo.

Mwanafunzi wa Uzamili

Samahani wakuu, nami nina shida hiyohiyo. Msimamizi wangu amekata "inaonekana" zangu zote kwenye sura ya nne ya tasnifu yangu, ile ya matokeo, anasema nijiamini. Nimpinge?

Mhariri wa Afya

Mdogo wangu, wewe unazungumzia tahadhari zako mwenyewe, sisi tunazungumzia za mtu mwingine. Lakini swali lako lina msaada. Kama umeandika "inaonekana wahojiwa 30 kati ya 50 walisema ndiyo", msimamizi yuko sahihi, uliwahesabu. Ukifika sura ya tano ukaanza kueleza kwa nini walisema ndiyo, hapo usikubali zikatwe bila mjadala. Na sisi wafupishaji tunatenganisha hivyohivyo: kilichohesabiwa kinasimama peke yake, maelezo ya sababu yanaandamana na tahadhari ya mwandishi.

Mtafsiri wa Tanga

Mimi niseme kuhusu "inaweza", maana ndiyo inayotuangusha wengi. Ukiandika "dawa hii inaweza kupunguza vifo", wewe umekusudia huenda. Msikilizaji anasikia kwamba ina uwezo huo. Nilimsomea shangazi yangu sentensi ya namna hiyo, akaniuliza inauzwa duka gani. Tangu hapo naandika "huenda inapunguza vifo, bado hawajawa na hakika".

Na tuwe macho na kitenzi cha mbele. "Utafiti umebaini", "utafiti umethibitisha". Mtafiti amesema matokeo yanaashiria, sisi tunaandika umebaini, halafu tunabakiza "huenda" katikati tukidhani tumemtendea haki. "Umethibitisha kuwa huenda" ni sentensi inayojivunja yenyewe. Mimi hukagua kitenzi hicho kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Afisa Jamii

Nimefanya kazi ya kuzungumza na wazazi vijijini wakati wa mjadala wa chanjo ya malaria ya RTS,S. Jaribio lake kubwa lilifanyika nchi 7 za Afrika, na kwetu Tanzania lilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Matokeo ya mwisho yalitoka 2015: watoto walioanza chanjo wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi 4, matukio ya malaria yalipungua kwa asilimia 36. Lakini homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa, na watafiti waliandika kwamba huenda ni bahati tu, uhusiano haujathibitika, ufuatiliaji uendelee.

Nikakuta mafupisho mawili. Kipeperushi cha ofisi moja kilisema tu kwamba chanjo ni salama, uti wa mgongo hautajwi. Kwenye simu za watu kulikuwa na ujumbe kwamba chanjo inaleta uti wa mgongo. Mzazi mmoja alinishikia vyote viwili, karatasi mkono mmoja na simu mkono wa pili, anataka nimwambie nani mwongo. Nilimweleza: "Ugonjwa huu ulionekana zaidi kwa waliochanjwa. Wenyewe hawajajua kama ni chanjo au imetokea tu. Wanaendelea kuangalia." Sentensi tatu fupi. Hakufurahi, lakini alielewa.

Baadaye, kuanzia 2019, chanjo ilitolewa kwa majaribio Malawi, Ghana na Kenya kwa watoto wengi zaidi, na ile dalili haikujitokeza tena. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Niliporudi kwa wazazi wale sikuwa na kauli ya kufuta, niliongeza tu kilichojulikana.

Mtangazaji wa Asubuhi

Nimeelewa, asanteni. Sasa nisaidieni: mwandishi akiweka mbili kwa pamoja, "matokeo yanaashiria kuwa huenda dawa inapunguza", nibakize zote? Nina sekunde 20.

Mchambuzi wa Tafiti

Bakiza moja, ile "huenda". Zote zinabeba shaka ileile.

Mtafsiri wa Tanga

Hapo sikubaliani nawe mkuu. "Yanaashiria" inasema ushahidi haujafika kwenye kuthibitisha, "huenda" inasema dawa yenyewe haina hakika ya kufanya kazi. Ukitoa ya kwanza, msikilizaji anadhani shauri limekwisha kupimwa na jibu ni huenda.

Mchambuzi wa Tafiti

Kwenye karatasi nakubali. Kwenye sekunde 20 msikilizaji hazitofautishi. Labda tukubaliane kutokukubaliana kwenye hili.

Mhariri wa Afya

Mimi niko upande wa mtafsiri, ila nazibakiza zote mbili pale tu dai ni moja kwenye aya.

Kilichonishinda bado ni kichwa cha habari, maneno sita au saba. Kwa ile ya nyama nyekundu nilifikiria "Je, nyama nyekundu husababisha saratani?"

Mtafsiri wa Tanga

Swali watu wanalisoma kama ndiyo. Andika "Nyama nyekundu yashukiwa kuchangia saratani".

Mchambuzi wa Tafiti

"Yashukiwa" ni dhaifu kuliko 2A. Ingefaa kundi la chini yake, 2B, ambako mwaka 2023 waliweka aspatemu, kile kiongeza utamu cha kutengenezwa cha kwenye soda za dayeti. Na "kuchangia" si "kusababisha".

Mhariri wa Afya

Basi nitajaribu "Nyama nyekundu yaelekea kusababisha saratani, ushahidi finyu". Maneno saba. Mwenye kilicho bora zaidi akiweke hapa kabla ya Alhamisi, tunaenda mitamboni.