Naomba ushauri: slaidi ya ushuhuda wa mkulima

Habari zenu wakuu. Niko Tukuyu, naandaa slaidi za kikundi chetu cha wakulima wa parachichi, tutaziwasilisha kwa wanunuzi Mbeya mjini. Nimekwama kwenye moja tu, ya ushuhuda wa mama mmoja mwanachama.

Mwanzo niliweka maneno yake yote, mistari tisa kwa pointi 18, juu ya picha ya shamba. Nilipoijaribu ukumbini nikakaa kiti cha nyuma kabisa, sikusoma kitu; herufi nyeupe zilipotelea kwenye majani. Nikaitoa picha, nikabakiza haya kwa pointi 44, yameanzia kushoto, pande zote peupe:

"Zamani dalali alipanga bei akiwa shambani … Sasa tunapima kwanza, ndipo tunaongea bei."

Chini yake, kwa pointi 22, jina, kijiji na mwaka. Sasa inasomeka vizuri.

Shida yangu ni uaminifu. Kwenye zile nukta tatu nimeruka sentensi mbili, na mama aliongea Kinyakyusa. Tafsiri ni yangu. Nikiongeza "imetafsiriwa kutoka Kinyakyusa" pembeni ya jina, mstari unarefuka na kushindana na nukuu. Niushushe mstari wa pili kwa herufi ndogo zaidi?

Halafu jina aliliruhusu kwenye mkutano wetu tu, na dalali ni jirani yake. Kesho naenda kumsomea nukuu ilivyofupishwa na kumwomba ruhusa upya. Akikataa, "Mkulima wa parachichi, Rungwe" inatosha, au wanunuzi wataona nimeitunga? Waliowahi kufanya hivi naomba mnisaidie.