Mrejesho: "Kuambatana na" kumeiokoa ikisiri yangu

Niliuliza: "Natafsiri ikisiri ya utafiti kwa wanafunzi wa uganga hapa Tabora. Nifanyeje uhusiano wa mambo mawili usisomeke kana kwamba moja ni chanzo cha jingine?"

Asanteni sana wakuu. Nilianza na "kunahusishwa na", lakini aliyenionya alikuwa sahihi: magazetini mtu "anahusishwa na wizi", kwa hiyo wanafunzi walisikia lawama. Nikaandika: "Upungufu wa damu kwa wajawazito uliambatana na watoto kuzaliwa na uzito chini ya kilo 2.5." Nikawauliza, je, utafiti umethibitisha kuwa upungufu wa damu ndio uliopunguza uzito? Wengi wakasema hapana, huenda malaria au lishe duni ilileta yote mawili. Nilifurahi mno.

Mtego mkubwa ulikuwa kwenye vitenzi. Sentensi mbili mbele nilikuwa nimeandika "huongeza hatari", na hapo uhusiano ukageuka chanzo bila mimi kuona. Sasa inasomeka "hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wenye upungufu wa damu".

Kilichonishinda ni "uwezekano". Linabeba hesabu mbili: waliopata tatizo dhidi ya wasiopata, na waliopata kati ya wote. Kwa sasa naeleza kwa sentensi nzima, na ikisiri imerefuka.