Mrejesho: ile fomu ya kazi ya Kifaransa

Niliuliza: "Niko Kigoma, naomba kazi Bujumbura. Fomu iko kwa Kifaransa, kila nikifika kwenye vyeti inanitoa nje. Nifanyeje?"

Wakuu, maombi yameenda. Tatizo lilikuwa muda. Mfumo hauhesabu kuandika kwako. Unahesabu mara ya mwisho ulipowasiliana na seva. Unaweza kuchapa barua nusu saa nzima, wenyewe unaona umelala. Kwa hiyo majibu yote niliyaandika pembeni, nikayabandika, na kila kipengele nikabonyeza "Enregistrer", yaani hifadhi, kabla ya kuendelea. Tafsiri ya brauza niliizima wakati wa kujaza, maana ilikuwa inavuruga orodha za kuchagua. Nilitafsiri ukurasa kwenye simu, nikajaza kwenye kompyuta.

Vyeti: kikomo kilikuwa "2 Mo" kwa faili, yaani MB 2. Cheti changu kilichopigwa picha kilizidi mno. Kijana wa steshenari pale Mwanga alikiskani upya kwa dpi 150, rangi ya kijivu, PDF, kikashuka bila herufi kufifia.

Sasa "Récapitulatif", yaani ukurasa wa muhtasari wa maombi, hapa ndipo msiharakishe. Majina ya faili zote yalikuwepo, ila mbele ya transkripti kumeandikwa "0 Ko", yaani KB 0. Mtandao ulikatika katikati, jina likafika, faili halikufika! Nikarudi kwa "Modifier", yaani hariri, nikalipakia tena, nikafungua kila kiambatisho kimoja kimoja. Ndipo nikabonyeza "Soumettre", yaani wasilisha. Namba ya maombi imeingia kwenye barua pepe, ingawa ilijificha kwenye spamu.