Nimeuza gari Mei, nimesema bima ifutwe, leo wananirudishia robo ya hela. Huu si wizi?

chuma_kimeuzwa

Wakuu habari za muda huu, samahani uzi mrefu lakini nina hasira hapa nilipo mpaka chai imepoa mbele yangu.

Nilikata bima kubwa ya gari tarehe 1 Machi, ya mwaka mzima, nikalipa yote kwa mkupuo 730,000, kodi yake pembeni. Sikupata ajali, sikuomba hata kioo. Tarehe 20 Mei nikauza gari, na mnunuzi alishasema ana bima yake anakata mwenyewe. Kesho yake asubuhi nikampigia wakala aliyeniuzia, nikamwambia gari limetoka mikononi mwangu naomba mfute bima mnirudishie hela iliyobaki. Akanijibu "usijali bosi, hiyo niachie mimi." Mimi nikaachia kweli, mjinga mimi.

Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya. Tarehe 12 Juni nikamwandikia kwa wasapu, mbona kimya, nataka bima ifutwe na hela yangu irudi, akaweka dole gumba. Dole gumba tu! Julai nikipiga simu hapokei, au yuko kwenye kikao, huyu mtu vikao vyake vingi kuliko vya bunge. Mwisho wa Agosti uzalendo ukanishinda nikaenda mwenyewe ofisini kwao, dada wa kaunta akafungua kompyuta akaniambia "bima yako ipo hai na hatuna maombi yoyote ya kuifuta." Nikaandika barua palepale kaunta kwa kalamu ya kuazima, wakagonga muhuri 28 Agosti.

Jana ndo nimeletewa hesabu. 182,500. Yaani robo. Nimepiga hesabu yangu, 730,000 kwa siku 365 ni 2,000 kila siku, na mpaka nauza gari nilikuwa nimetumia siku 81, kwa hiyo zimebaki siku 284 sawa na 568,000. Wao hiyo laki tano na ushee wameipeleka wapi mpaka wanipe 182,500? Na toka Mei gari sina, walikuwa wanalinda nini, upepo?

Bw_Risiti

Pole mkuu. Hapo umeibiwa mchana kweupe. Sheria ya bima ni moja tu, hela inarudi kwa siku zilizobaki, full stop. Hata kama wamechelewesha wao wahesabu mpaka 28 Agosti, hizo ni siku 181, zinabaki 184, wakulipe 368,000. Usikubali chini ya hapo.

kitunguu_maji

Kwani gari liligongwa na nani? Kama umepeleka picha na ripoti ya trafiki kleimu haitakiwi kuchukua muda wote huo.

chuma_kimeuzwa

@kitunguu_maji soma uzi kaka, hakuna aliyegongwa. Nimegongwa mimi mfukoni.

mezani_zamani

Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya kuandika bima, saivi nimeacha, ngoja nieleze taratibu maana Bw_Risiti yuko sawa nusu.

Kuhesabu kwa siku kupo, lakini mara nyingi ni pale kampuni yenyewe inapokufuta wewe. Wao wakikuvunjia mkataba wanakupa notisi, halafu wanarudisha siku zilizobaki zote. Ukivunja wewe mteja, mikataba mingi ya magari ina jedwali la muda mfupi, na hilo halihesabu siku, linahesabu miezi kwa ngazi, tena ngazi za mwanzo ndio ndefu. Mantiki yao ni kwamba gharama ya kukuandikia bima, kamisheni ya wakala na makaratasi vyote vimeshaliwa siku ya kwanza, na hawataki mtu akate bima ya mwaka kumbe anataka ya miezi miwili ya safari.

Chuma, fungua kijitabu cha mkataba, sio cheti, sio stika, kile kijitabu ambacho hakuna anayekisomaga. Nenda kwenye masharti ya jumla tafuta kipengele cha kufuta bima, kisha utuwekee jedwali hapa.

chuma_kimeuzwa

Nimekitafuta saa nzima kilikuwa chini ya droo na betri zilizokufa. Nanukuu: bima ikikaa mpaka miezi 3 kampuni inabaki na asilimia 50, mpaka miezi 4 asilimia 60, mpaka miezi 6 asilimia 75, ikizidi miezi 8 mteja hapati kitu. Juu yake imeandikwa "endapo hakuna dai lolote lililotolewa katika kipindi hicho." Na kwamba mteja anaweza kufuta wakati wowote "kwa notisi ya maandishi kwa Kampuni."

Kwa hiyo mtu akifuta mwezi wa tisa analipa mwaka mzima?? Na hili liko kwenye herufi za saizi ya sisimizi.

mezani_zamani

Ndio hivyo. Sasa hesabu yao inaeleweka. Wamechukua tarehe ya muhuri, 28 Agosti, uko ndani ya mwezi wa 6, wanabaki na 75, wewe unapata 25, na 25 ya 730,000 ni hiyo hiyo 182,500. Kwa hesabu hawajakosea hata senti. Ugomvi wako usiupeleke kwenye hesabu, upeleke kwenye TAREHE.

Ona ilivyo. Notisi ikihesabiwa imefika Mei 21, ulikuwa ndani ya miezi 3, unapata nusu, 365,000. Ikihesabiwa ile wasapu ya 12 Juni, hiyo ni siku ya 104, uko mwezi wa nne, unapata asilimia 40 yaani 292,000. Ile 568,000 yako isahau, hiyo kwa jedwali hili huifikii hata ungefuta saa ileile unayokabidhi funguo.

Simu ya Mei ina shida, mkataba unasema maandishi na simu sio maandishi, labda kama wana rekodi nao hawatakupa kirahisi. Ila wasapu ni maandishi. Swali linabaki uliyemwandikia ni nani. Angalia risiti, huyo jamaa ni wakala wa kampuni au ni dalali?

Bw_Risiti

Si kitu kimoja hicho?

mezani_zamani

Hapana mkuu, na hapa ndipo watu wanaliwa. Wakala ni mtu wa kampuni, anavaa kofia yao, ukimpa taarifa una hoja nzito kwamba umeipa kampuni. Dalali anakuwakilisha wewe, unaweza kumwambia mpaka kesho kampuni ikasema sisi hatujaambiwa, halafu ugomvi unabaki kati yako na yeye.

chuma_kimeuzwa

Risiti ina nembo ya kampuni na chini imeandikwa "wakala" na namba yake. Nimepiga skrinishoti ya wasapu mpaka lile dole.

MamaPacha

Na mimi yalinikuta ila yangu ya maisha. Nimechangia miaka miwili nikaona hela ngumu nikaacha tu kulipa nikijua imejifuta yenyewe, naenda kudai naambiwa hakuna kitu. Mpaka leo nikiona tangazo la bima nazima redio. Dada andika barua hata kwa askofu lakini hupati.

mezani_zamani

Mama Pacha pole sana, ila ya maisha ni mnyama mwingine. Kule mtu anadai thamani ya kuvunja mkataba, na miaka ya mwanzo thamani hiyo huwa ndogo sana au sifuri. Hapa tunaongelea hela ya muda ambao haujatumika. Kinachofanana ni kimoja, kuacha kulipa sio kufuta. Wapo wanaolipa bima ya gari kwa awamu, wakiuza gari wanasimamisha makato benki, baadaye wanaletewa deni la awamu zilizobaki wanashangaa.

Bw_Risiti

Sawa nimekubali jedwali. Lakini hoja ya chuma ya upepo hamjaijibu. Gari sio lake toka 20 Mei, hata lingeungua Juni asingelipwa maana hana maslahi nalo tena. Wanachukuaje hela ya kulinda kitu ambacho wasingelipa?

mezani_zamani

Swali zuri na sitakudanganya, nimeona kampuni zikilikubali na nimeona zikilikataa. Upande wako: mali imeondoka, hatari imeisha, na barua ya mauziano inathibitisha tarehe. Upande wao: cheti na stika vilikuwa bado mtaani, na kama mnunuzi angemgonga mtu na gari bado linaonekana lina bima yao, wangeweza kuburuzwa. Chuma, stika ulirudisha lini?

chuma_kimeuzwa

...stika ilibaki kwenye kioo. Niliuza nayo.

mezani_zamani

Haya basi hapo umewapa fimbo. Wengi hawashughulikii hata senti mpaka cheti halisi na stika virudi, au uandike tamko la kupotea. Mtafute mnunuzi leo.

Kisha andika barua nyingine, isiende kwa wakala, iende kwa meneja wa idara ya magari, nakala mbili, yako igongwe muhuri na tarehe. Usilalamike humo, hasira zako ziache humu. Andika hivi:

"Nilitoa notisi ya maandishi ya kufuta bima namba (…) kwa wakala wenu tarehe 12 Juni, nakala imeambatishwa. Gari liliuzwa 20 Mei, hati ya mauziano imeambatishwa. Hakuna dai lililotolewa. Naomba tarehe ya kufutwa irekebishwe kuwa si baada ya 12 Juni, na nipewe hesabu ya marejesho kwa maandishi ikionyesha asilimia mliyotumia. Nimerudisha cheti na stika."

Na kama gari lilikuwa la mkopo ongeza barua ya benki kwamba hawana pingamizi, bila hiyo faili halisogei.

kitunguu_maji

Ahaa sasa nimeelewa, kumbe alitaka kufuta. Mimi langu bado liko gereji.

chuma_kimeuzwa

MREJESHO. Stika nimeipata, mnunuzi alishaibandua akaiweka kwenye dashibodi, Mungu ambariki. Barua nimepeleka na vielelezo vyote, wamekaa siku tisa, leo wamenipigia wamekubali 12 Juni. 292,000. Ila kodi niliyolipa pembeni wamesema hairudi, na wananiletea fomu nisaini kwamba nimepokea "malipo kamili na ya mwisho" na sitadai tena. Mezani nisaini? Maana ile 21 Mei bado inaniuma, ni 73,000 hiyo.

mezani_zamani

Ukisaini hiyo 73,000 imekwenda. Waulize kwanza kwa maandishi kama watakulipa 292,000 isiyobishaniwa bila fomu, uendelee kudai tofauti kwa mamlaka inayosimamia kampuni za bima. Wengine hukubali, wengine wanashikilia zote mpaka usaini. Mimi kwa ushahidi wa simu peke yake ningechukua hela, lakini sio hela yangu.

Bw_Risiti

Usisaini!!

chuma_kimeuzwa

Nimewaandikia sasa hivi. Na wakala kanitumia meseji, "bosi vipi, umekata bima ya gari jipya?"