Mrejesho: sola za paa la kusini, Dodoma

Niliuliza: "Nina paneli mbili za wati 200 kwenye bati la upande wa kusini, mlalo nyuzi 15. Mbona Juni betri haijai na jua ni kali?"

Wakuu, nimerudi. Nilifanya mlivyosema: paneli moja nikaihamishia bati la kaskazini, kila moja na kontrola yake, kisha nikasoma jioni. Siku isiyo na wingu, ya kaskazini ilitoa yuniti 0.95, ya kusini 0.70. Fundi alikuwa anabadilisha betri tu!

Kumbe Dodoma ipo nyuzi 6 kusini mwa ikweta, hivyo Juni jua la mchana huinamia kaskazini karibu nyuzi 30. Bati la kusini linaongeza 15 zake, mwanga unalipiga kwa mshazari wa 45.

Desemba jua lilihamia kusini, na paneli ya kusini ikaongoza siku za jua. Siku za mawingu zililingana, maana mwanga hutoka kila upande. Sasa zote ziko kaskazini: Desemba napoteza kidogo, lakini Juni ndiyo iliyokuwa inanilaza gizani.