Tupeane uzoefu: uliwahi kumwandikia diwani barua ya wazi kuhusu barabara? Uliandikaje hadi ikajibiwa?

Mkulima wa Mlimani
Wakuu habari zenu. Niko kijijini, mkoa wa Morogoro. Barabara ya kwenda zahanati imekatika, na vijana wamenipa kazi ya kuandika barua ya wazi kwa mheshimiwa diwani niibandike kwenye grupu la kata na Fesibuku. Aya ya kwanza niliyoandika ni hii:

"Mheshimiwa, tangu tukupe kura umetusahau. Barabara zetu ni aibu. Kodi zetu mnakula, sisi tunakula tope. Mwaka wa uchaguzi tutakutana."

Wazee wameisoma wakasema ina matusi. Vijana wanasema nikiilainisha itapita kama salamu za Idi, hakuna atakayeisoma. Waliowahi kupita njia hii mtupe visa vyenu.

Kifusi na Greda
Mkuu, mimi ni fundi sanifu wa barabara, nimekaa wilaya tatu tofauti. Barua za namna yako nimeziona zikiletwa ofisini zimechapishwa. Tatizo la aya yako ni kwamba mtu akimaliza kuisoma hajui aende wapi. Barabara ipi? Imekatika wapi? Barua ikisema "barabara zetu zote mbovu", jibu lake ni rahisi sana: "tunalifanyia kazi, bajeti ni finyu."

Nijibu kwanza: inapokatika, maji yanatoka wapi?

Mkulima wa Mlimani
Kuna kalavati karibu na mashine ya kusaga. Mvua ikinyesha maji yanapanda juu ya barabara na kuchimba upande wa bondeni. Mwaka jana greda lilipita, likamwaga kifusi, masika yakakizoa chote.

Kifusi na Greda
Basi barua umeshaipata. Shida yako si kifusi, ni kalavati. Inama uchungulie mdomo wa upande wa juu. Ukiona mchanga umefika nusu au zaidi, maji hayana pa kupita. Hapo hata uletewe malori ya changarawe yataondoka tena. Piga picha ya huo mdomo, weka jembe kando yake ili mtu aone ukubwa. Kuomba kalavati lizibuliwe ni kuomba kazi ndogo, na mtu akishindwa kazi ndogo hadharani anaona haya kuliko akishindwa lami.

Mzee wa Halmashauri
Mnamzungusha kijana bure. Greda ni la halmashauri. Aandike kwa mkurugenzi, akisaini tu linatoka. Nimekuwa diwani mimi, najua.

Kifusi na Greda
Shikamoo mzee. Enzi zako ilikuwa hivyo kweli. Tangu 2017 barabara za wilaya ziko TARURA, na zile kuu na za mkoa ziko TANROADS. Mkurugenzi ataipokea barua, kisha ataielekeza huko huko. Diwani naye hana greda, ila ana kiti kwenye baraza la madiwani, na pale anaweza kumuuliza meneja wa TARURA wa wilaya ana kwa ana. Kwa hiyo muombe kile anachokiweza, yaani kuuliza na kuwaletea jibu.

Mama Wawili
Sisi tuliweka picha ya mjamzito amebebwa kwenye machela kuvuka tope. Ilisambaa hatari! Lakini mume wake alikuja juu, hakuna aliyemuomba ruhusa, na ugomvi wa barabara ukageuka ugomvi wa picha. Tukaifuta, tukaweka ya ambulensi imesimama kabla ya tope, watu hawaonekani. Diwani alijibu kwenye hiyo ya pili. Kwa nini, sijui, labda ya kwanza ilishampa joto.

Jiwe la Kona
Afadhali nimewapata wajuzi. Nyumba yangu imewekwa X na watu wa barabara. Niandike barua ya heshima au ya ukali ili nilipwe?

Kifusi na Greda
Ndugu hilo ni jambo jingine, ila X yako ni ya rangi gani? Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, ukipimia katikati ya barabara. Aliyekuwepo kihalali kwenye zile mita 7.5 zilizoongezwa huwekewa X ya kijani na ana haki ya fidia. Nyekundu maana yake uko ndani ya hifadhi ya zamani. Fungua uzi wako tusimvuruge mwenzetu.

Mkenya wa Magharibi
Salamu kutoka Kakamega. Huku kwetu tulimwandikia MCA, ndiye diwani wetu wa kaunti, barua kali, akatujibu kwa mstari mmoja kwamba barabara hiyo si ya kaunti, iko chini ya KeRRA, mamlaka ya serikali kuu ya barabara za vijijini. Watu wakatucheka wiki nzima. Jueni mwenye barabara kabla hamjataja jina la mtu.

Mkulima wa Mlimani
Nimeipindua yote. Sasa inasomeka hivi:

"Mheshimiwa Diwani, tunaomba kalavati la mashine ya kusaga, barabara ya zahanati, lizibuliwe kabla ya masika. Mvua ikinyesha gari la wagonjwa linaishia shuleni, na kutoka hapo mgonjwa anabebwa. Picha ya kwanza ni mdomo wa kalavati ulivyojaa mchanga, ya pili ni barabara asubuhi baada ya mvua. Kwa greda la mwaka jana tulishukuru, ila kifusi kimeondoka na maji kwa sababu hayana njia. Tunakuomba ulifikishe kwa meneja wa TARURA wa wilaya, na utuletee jibu lake kwenye mkutano mkuu wa kijiji unaokuja. Upande wa shambani vijana wetu wako tayari kuchimba mtaro, wakielekezwa."

Kifusi na Greda
Hapo sawa. Ombi umeliweka mstari wa kwanza, na huo ndio unaoonekana kwenye simu kabla mtu hajabonyeza kusoma zaidi. Mkutano wa kijiji ni kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo umempa tarehe bila kumtisha. Nakala iliyosainiwa mpelekee mtendaji wa kijiji, agonge muhuri wa kupokelewa. Posti hufutwa, muhuri haufutiki. Neno "mnakula" usilirudishe. Huna ushahidi, na kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Bodaboda Mstaafu
Mimi sikubaliani. Sisi tulipanda migomba katikati ya mashimo, tukapiga picha, siku chache baadaye kifusi kikamwagwa. Heshima haijawahi kujaza shimo.

Mama Wawili
Na kile kifusi bado kipo?

Bodaboda Mstaafu
Kilienda na mvua dada. Lakini walikuja!

Mkulima wa Mlimani
Vijana wanataka niongeze kwamba tangu Julai 2021 kila lita ya mafuta ina shilingi 100 za barabara za vijijini. Niweke?

Mzee wa Halmashauri
Usiweke. Atajibu habari ya mafuta, kalavati ataliruka.

Bodaboda Mstaafu
Weka! Hiyo ni haki yako, si tusi.

Kifusi na Greda
Mimi ningeibakiza mfukoni hadi siku ya mkutano, akija bila jibu.

Mkulima wa Mlimani
Wakuu, naenda kwanza kupiga picha ya kalavati kabla jua halijazama. Jembe ninalo.